Kutia chokaa mashamba ya Pemba: kiasi gani, wapi, na kwa nini fosfora haifiki kwenye mmea

Kila masika nakutana na mkulima mwenye swali hilihili: "Mwanangu, mbolea nimetia, mbegu nzuri nimenunua, mvua imenyesha, mbona mahindi yamesimama?" Ukiyatazama, yako urefu wa goti na majani ya chini yamegeuka zambarau. Hiyo ni njaa ya fosfora, na mara nyingi mkulima ameshatia TSP, ambayo ndiyo mbolea ya fosfora. Mbolea imo ardhini na mmea una njaa.

Kabla ya kununua mfuko mwingine, ng'oa mche mmoja, na uung'oe kwa jembe ili mizizi isikatike. Suuza udongo kwa maji, kisha tazama ncha za mizizi. Mzizi mzima wa mhindi ni mrefu, mweupe, na una vitawi vingi vyembamba. Ukiona mizizi mifupi, minene, ya rangi ya hudhurungi, isiyo na vitawi, shuku alumini. Na alumini haimalizwi kwa TSP.

Mwongozo huu unahusu mashamba ya vilimani Pemba: udongo mwekundu na wa hudhurungi wa upande wa magharibi na wa kati ya kisiwa, mvua ilikokuwa ikiuosha miaka na miaka. Kama shamba lako liko uwandani au maweni, yaani kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe, kama sehemu za Micheweni, au upande wa mashariki na kusini wa Unguja kama Makunduchi na Jambiani, soma hatua ya kwanza tu. Huenda usihitaji nyingine.

Hatua ya kwanza: hakikisha udongo wako hauna chokaa tayari

Chukua kijiko cha udongo mkavu, uweke kwenye kisahani, umwagie siki. Ukichemka na kutoa povu dogo, udongo huo una chembe za jiwe la matumbawe. Usiutie chokaa hata kidogo. Huko tatizo la fosfora limegeuka upande wa pili: kalisi iliyojaa ardhini huishika fosfora na kuifanya ngumu isiyoyeyuka, na ukiongeza chokaa unaongeza kifungo. Dawa ya huko ni samadi na mboji kwa wingi, na mbolea ya fosfora itiwe karibu na mbegu.

Udongo usiochemka haujathibitika kuwa na tindikali. Umethibitika kuwa unafaa kupimwa, basi.

Hatua ya pili: chukua sampuli kwa kina cha jembe lako

Tembea shambani kwa kwenda upande huu na huu, uchimbe vishimo 15 hadi 20. Kila kishimo kiwe na kina cha sentimita 15, na utwae kipande chembamba cha udongo kuanzia juu hadi chini. Weka vyote katika ndoo ya plastiki iliyo safi, changanya vizuri, kisha toa nusu kilo. Epuka mahali palipokuwa na jiko au lundo la majivu, kichuguu, njia ya ng'ombe, na chini ya mikarafuu mikubwa. Kama shamba lina kilima na bonde, hizo ni sampuli mbili. Anika kivulini, usianike juani wala juu ya karatasi iliyowahi kushika mbolea.

Kina hicho cha sentimita 15 kishike sana, kwa sababu hesabu yote ya chokaa huko mbele imesimama juu yake. Mtu akichukua sampuli ya kina cha kidole halafu akachanganya chokaa kwa kina cha jembe, namba zake hazitalingana na shamba lake.

Peleka sampuli maabara kupitia bwana shamba wako au kituo cha utafiti wa kilimo. Sema wazi unataka pH, kalisi, magnesi, potasi, na alumini inayobadilishana, ambayo kwenye karatasi ya majibu huandikwa Al kwa kipimo cha cmol/kg. Wengi huomba pH peke yake, na hapo ndipo makosa ya kiasi yanapoanza.

Kwa nini pH haitoshi

pH ni kipimo cha tindikali iliyomo kwenye maji ya udongo kwa wakati ule. Chini ya 7 ni tindikali, na kila namba moja ikishuka tindikali huongezeka mara kumi: udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi ya ule wa pH 6. Lakini tindikali iliyo majini ni kidogo mno. Kubwa zaidi imeshikwa na chembe za mfinyanzi na mboji, inangoja. Ukitia chokaa ukaiondoa ile ya majini, ile iliyoshikwa hutoka na kujaza nafasi. Hiyo ndiyo tindikali ya akiba, na hiyo ndiyo inayokula chokaa yako.

Mchanga hauna pa kuweka akiba kubwa, mfinyanzi unapo. Kwa hiyo shamba la kichanga na shamba la udongo mwekundu mzito yanaweza kuwa na pH 4.8 yote mawili, na moja likahitaji chokaa mara nne au tano ya jingine. pH inakwambia kama kuna haja. Kiasi kinatokana na alumini.

Alumini imetokea wapi? Haikuletwa na mtu. Mfinyanzi wenyewe umejengwa kwa alumini. pH ikiwa 5.5 na kwenda juu, alumini hiyo imeganda, haiyeyuki, haina madhara. Ikishuka chini ya 5.5 huanza kuyeyuka, na chini ya 5 huwa nyingi. Kisha yenyewe hugawanya maji na kuachia tindikali zaidi, ndiyo maana udongo uliofika huko haupandi kwa urahisi.

Alumini iliyoyeyuka hudhuru kwanza ncha ya mzizi, mahali hasa mzizi unapokulia. Ncha ikisimama, mzizi unanenepa badala ya kurefuka, na vitawi havitoki. Sasa fosfora, tofauti na naitrojeni, haisafiri na maji ya udongo. Inasogea milimita chache tu kutoka ilipo. Mmea hauwezi kuingoja ije. Lazima mzizi uifuate. Mzizi uliosimamishwa na alumini hauifuati, hata kama TSP imelala umbali wa vidole vitatu.

Jambo la pili linatokea wakati huohuo. Alumini iliyoyeyuka, pamoja na kutu ya chuma inayoupa udongo rangi nyekundu, hushikana na fosfora na kufanya kitu kisichoyeyuka upesi. Kwa hiyo katika udongo wenye tindikali mmea unapigwa mara mbili: fosfora inashikwa, na mzizi wa kuitafuta unakatizwa. Ukipandisha pH hadi kati ya 5.5 na 6.0, alumini inaganda tena, mzizi unaenda, na mshiko wa fosfora unalegea. Ukivuka 7 na kuendelea, kalisi inachukua zamu ya kuishika. Fosfora hupatikana vizuri zaidi katikati, kati ya 6 na 7 hivi, lakini kwetu hatuhitaji kufika huko. Kufukuza alumini kunatosha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wauza pembejeo hawalisemi: chokaa si mbolea ya fosfora. Kama shamba halijawahi kutiwa fosfora, chokaa itaipa mizizi njia ya kwenda kutafuta kitu kilicho kidogo. Na udongo mwekundu sana utaendelea kushika sehemu ya fosfora hata baada ya chokaa, kwa sababu ile kutu ya chuma haikuondoka.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Tuchukue shamba la robo eka kwenye mteremko, upande wa Mkoani, udongo mwekundu, mwenyewe anataka kupanda mahindi na maharage. Karatasi ya maabara inasema hivi: pH 4.8, alumini 1.4, kalisi 1.2, magnesi 0.5, potasi 0.1, zote kwa cmol/kg.

Kwanza tazama alumini imechukua sehemu gani. Jumla ya zote nne ni 3.2. Alumini 1.4 katika 3.2 ni kama asilimia 44. Mahindi huanza kuumia sana ikipita thuluthi hivi, na maharage huumia mapema zaidi. Mhogo huvumilia hata asilimia 80. Kwa hiyo kama mwenye shamba hili angekuwa analima mhogo peke yake, ningemwambia aweke pesa zake mfukoni. Kwa mahindi na maharage, chokaa inahitajika.

Sasa kiasi. Kanuni inayotumika sana kwa udongo wa nchi za joto ni kuzidisha alumini kwa 1.5. Ile nusu ya ziada ni kwa sababu sehemu ya chokaa itamezwa na tindikali iliyomo kwenye mboji na juu ya chembe za udongo kabla ya kuifikia alumini yote.

1.4 × 1.5 = 2.1

Kwa kina cha sentimita 15, hekta moja ina udongo wa kiasi cha kilo milioni mbili, na kwa udongo huo kila cmol/kg moja huhitaji karibu tani moja ya jiwe safi la chokaa lililosagwa. Kwa hiyo 2.1 inasomeka moja kwa moja kuwa tani 2.1 kwa hekta. Robo eka ni kama sehemu ya kumi ya hekta, basi shamba hili linataka kilo 210 za jiwe safi lililosagwa.

Linganisha na jirani mwenye kichanga: pH ileile 4.8, alumini 0.3. Hesabu yake ni 0.45, yaani kilo 45 kwa robo eka. Jirani huyo akiiga kilo 210 za mwenzake, atakuwa ameliharibu shamba lake kwa miaka kadhaa.

Hatua ya nne: ijue chokaa uliyonayo

Hapa visiwani chokaa zinazopatikana ni za namna mbili kubwa. Ipo chokaa iliyochomwa, ile ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kutiwa moto, kisha ikazimwa kwa maji. Watu huitumia kujengea. Na lipo vumbi la mawe kutoka machimbo, ambalo ni jiwe lilelile halijachomwa.

Nguvu zao hazilingani. Kazi inayofanywa na kilo 100 za jiwe safi lililosagwa hufanywa na kilo 74 za chokaa safi iliyozimwa, au kilo 56 za chokaa safi ambayo haijazimwa. Lakini neno "safi" ni zito hapo. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi hunyonya hewa na kurudi polepole kuwa jiwe, na chokaa ya kujengea huwa na majivu, mchanga na mawe yasiyoiva. Maabara inaweza kukupimia nguvu yake kwa kulinganisha na jiwe safi ambalo ni 100. Tuseme chokaa ya mwenye shamba letu imepimwa ikatoka 110. Basi anahitaji 210 ÷ 1.10, yaani kilo 191, tuite 190.

Kwa vumbi la mawe jambo kubwa ni ulaini. Chenga za ukubwa wa punje ya mchele zinaweza kukaa ardhini miaka bila kuyeyuka. Lipitishe kwenye chekecheo la unga: kinachopita ndicho kitakachofanya kazi msimu huu. Kama nusu tu imepita, hesabu nusu hiyo kuwa ndiyo chokaa yako. Mimi napendelea vumbi la mawe pale linapopatikana laini, kwa sababu haliunguzi mikono, ni vigumu kulizidisha hadi likaleta madhara ya haraka, na halihitaji kukata miti ya kuchomea. Matumbawe ya baharini yaliyo hai yaachwe baharini.

Chokaa isiyozimwa usiipeleke shambani. Inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofua. Hata iliyozimwa, vaa glavu na miwani, ziba pua kwa kitambaa, na utie asubuhi kabla upepo haujaamka.

Hatua ya tano: tia na uchanganye

Kwa mahindi ya masika, yanayopandwa kuanzia Machi, vumbi la mawe litiwe mwishoni mwa vuli, Disemba, ardhi ingali na unyevu. Linahitaji miezi miwili au mitatu, na udongo mkavu wa kiangazi hauliyeyushi. Chokaa iliyozimwa hufanya kazi haraka, kwa hiyo inaweza kutiwa wiki tatu au nne kabla ya kupanda, mradi mvua za mwanzo zimeshalowesha ardhi. Usiitie siku moja na mbegu, itaunguza chipukizi.

Robo eka ni kama mita 1,000 za mraba. Igawe kwa kamba iwe vipande kumi vya mita 10 kwa 10. Kila kipande kinapata kilo 19. Pima kwa mzani mara moja, kisha tia alama kwenye ndoo ujue kilo 19 ni ndoo ngapi za chokaa yako, maana chokaa iliyozimwa ni nyepesi kuliko vumbi la mawe na ndoo moja haina uzito uleule. Mwaga nusu ukitembea kwenda na kurudi, na nusu ya pili ukikatiza njia ya kwanza. Halafu lima kwa kina cha sentimita 15 uchanganye kabisa.

Kuchanganya ndiyo kazi yenyewe. Chokaa haiteremki. Ikibaki juu, itabadilisha sentimita mbili za juu zikawa na chokaa nyingi kupita kiasi, na chini mizizi itakutana na alumini ileile. Na hapa upo mpaka wa kazi hii: udongo ulio chini ya jembe utabaki na tindikali yake kwa miaka, na katika kipindi cha jua mahindi yako hayatachota maji ya chini sana.

Samadi na mbolea za naitrojeni kama yurea, SA na DAP zisikutane na chokaa siku moja. Chokaa hugeuza naitrojeni yao kuwa hewa, na ile harufu kali ya mkojo unayoisikia ni pesa yako inaruka. Ziache wiki tatu baada ya chokaa. TSP haina naitrojeni, lakini nayo isichanganywe na chokaa mkononi. Itie wakati wa kupanda, kwenye shimo au mstari, kando kidogo ya mbegu. Ikitiwa mahali pamoja inagusana na udongo kidogo, na hivyo inashikwa kidogo. Ukiitawanya shamba zima katika udongo mwekundu, umeigawia kutu.

Mbolea ya Minjingu, ile ya mwamba wa fosfati kutoka karibu na Ziwa Manyara, ina tabia tofauti. Ikiwa ghafi ya unga inahitaji tindikali ili iyeyuke. Ukishatia chokaa umeinyima kinachoiyeyusha. Kwa mwenye shamba lenye tindikali na pesa chache, anayelima mhogo au kunde, Minjingu bila chokaa ni chaguo la maana. Kwa mahindi na maharage, chokaa na TSP. Uwandani, Minjingu ghafi haifai.

Mahali pasipotiwa

Mpunga wa mabondeni uache. Maji yakituama wiki kadhaa, udongo wenye tindikali hujipandisha wenyewe hadi karibu na 7, alumini huganda, na kutu ya chuma huachia fosfora iliyokuwa imeishika. Maji yanafanya kazi ya chokaa bure. Mananasi nayo hupenda tindikali. Kwa mikarafuu iliyokomaa sioni sababu ya kutia kwa hesabu hii ya mahindi.

Hatua ya sita: tazama kama imefanya kazi, na kama imezidi

Acha mstari mmoja bila chokaa, upana wa mita tatu, katikati ya shamba. Mbolea na mbegu ziwe sawa kila mahali. Wiki ya nne baada ya kuota, chimbua miche mitatu ndani ya mstari na mitatu nje, uoshe mizizi, uilinganishe. Mizizi itakwambia mapema kuliko majani. Kama haitofautiani, ama chokaa haikuchanganywa, ama ilikuwa chenga, ama tatizo la shamba halikuwa alumini tangu mwanzo.

Chokaa iliyozidi huonekana kwa namna nyingine. Majani machanga ya mahindi hutoa mistari mipana myeupe karibu na shina la jani. Hiyo ni zinki iliyokosekana. Majani mapya ya mazao mengine huwa manjano na mishipa hubaki kijani. Hicho ni chuma. Kichanga hufika huko haraka. Hakuna dawa ya upesi ya kuitoa chokaa ardhini zaidi ya samadi na subira, ndiyo maana nasisitiza lengo liwe 5.5 hadi 6.0, lisiwe 7.

Kasoro nyingine ya chokaa yetu ya matumbawe ni kwamba karibu yote ni kalisi, magnesi yake ni kidogo. Ukiona majani ya chini, siyo ya juu, yakiwa manjano kati ya mishipa msimu wa pili au wa tatu, peleka sampuli upimiwe magnesi kabla ya kutia chokaa zaidi.

Pima tena pH na alumini baada ya misimu miwili, mahali palepale na kina kilekile. Kama unatumia SA kila msimu, tarajia kurudi mapema: kilo 100 za SA huacha tindikali inayohitaji karibu kilo 110 za jiwe safi la chokaa kuifuta. Yurea nayo hutia tindikali, lakini kwa kila kilo ya naitrojeni hutia kidogo kuliko SA, kwa hiyo mwenye shamba letu la Mkoani namshauri atumie yurea, aifukie, na karatasi ya maabara aihifadhi ili ya pili iwe na cha kulinganishwa nacho.